Nakisi ya mwaka wa uchaguzi: inaonekana wapi, inajificha wapi

Mwanzoni mwa Oktoba 1972, watu zaidi ya milioni 20 nchini Marekani, wazee kwa wajane kwa walemavu, walipokea hundi zao za mafao ya hifadhi ya jamii zikiwa zimenona kwa asilimia 20. Hundi hizo zilikuja na kikaratasi kilichoeleza kwamba nyongeza imetokana na sheria iliyopitishwa na Bunge na kutiwa saini na Rais Richard Nixon Julai 1 mwaka huohuo. Uchaguzi wa rais ulikuwa Novemba 7. Mzigo wa kuigharamia nyongeza ulianza kuonekana kwenye mishahara Januari 1973, pale sehemu ya mshahara wa mwaka inayokatwa mchango ilipopanda kutoka dola 9,000 hadi 10,800. Wakati huo kura zilikuwa zimeshahesabiwa, na Nixon alikuwa ameshinda majimbo 49 kati ya 50.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kila yanapozungumzwa matumizi ya serikali kabla ya uchaguzi, na si ajabu, maana kina kila kitu: fedha, tarehe na jina la mgombea. Ila kuna kipande ambacho wasimuliaji wengi hukiruka. Nixon hakutaka asilimia 20. Yeye alitaka 5. Waliosukuma kiwango kikubwa walikuwa wabunge wa chama pinzani cha Demokratiki, akiwemo Wilbur Mills, mwenyekiti wa kamati ya kodi ambaye naye alikuwa akiutamani urais, pamoja na Seneta Frank Church. Waliipachika nyongeza hiyo kwenye muswada wa kupandisha ukomo wa deni la taifa, muswada ambao rais asingeweza kuukataa bila kuiingiza serikali kwenye matatizo. Nixon akatia saini huku akilalamika kwamba itachochea mfumuko wa bei. Miezi mitatu baadaye jina lake likawa linasomwa na wapokea hundi nchi nzima.

Sasa hapo aliyepanga mchezo ni nani? Nimelisoma suala hili kwa miaka mingi, na kila nikirudi kwenye kisa cha 1972 naona kinafundisha kinyume cha kile kinachotumiwa kufundisha. Kiasi cha fedha kilitokana na mvutano wa watu wengi, kila mmoja na hesabu zake. Kilichokuwa mikononi mwa wanasiasa kwa hakika ni tarehe: hundi Oktoba, makato Januari. Naamini anayetafuta athari za uchaguzi kwenye bajeti anatakiwa aanzie hapo, kwenye tarehe, kisha aende kwenye mafungu, kisha kwenye bili ambazo hazijalipwa. Jumla ya matumizi ya mwaka, ambayo ndiyo magazeti huikimbilia, mara nyingi ni mahali pa mwisho pa kuona kitu.

Nadharia yenyewe haina umri mkubwa. Mwaka 1975 mchumi William Nordhaus alijenga hoja kwamba serikali inayotaka kurudi madarakani itachangamsha uchumi karibu na uchaguzi ili ajira ziongezeke, kisha ikishashinda itakaza mkanda kutuliza bei. Hoja hiyo ilisimama juu ya mpiga kura mwenye kumbukumbu fupi, anayedanganyika kila baada ya miaka minne. Wengi hawakuridhika na mpiga kura wa namna hiyo, na wachumi waliofuata, hasa Kenneth Rogoff, wakaja na maelezo mengine: mpiga kura ana akili zake timamu, ila haoni vitabu vya hazina. Anachoona ni barabara imekamilika na mshahara umepanda. Kwa kuwa hajui kama vimetokana na uongozi mzuri au na mkopo, serikali inapata mwanya wa kuonekana hodari kuliko ilivyo. Tofauti ya maelezo haya mawili ni kubwa. La kwanza likiwa kweli, hakuna dawa. La pili likiwa kweli, basi mtu akiyaona mapema madaftari, mwanya unazibika.

Tuje kwenye ushahidi. Tafiti za mwanzo zilitafuta mzunguko huu kwenye ukuaji wa uchumi na ajira katika nchi tajiri, na hazikupata cha maana. Uchumi mzima ni kitu kizito, huwezi kuupanga ufike kileleni wiki ya kupiga kura. Watafiti wakahamia kwenye bajeti yenyewe, kitu ambacho serikali inakishika kwa mkono. Huko ndiko mambo yalipoanza kuonekana, na ndiko kosa la vipimo lilipoanza kuwasumbua watu.

Nilieleze kosa hilo kwa mfano wa kubuni. Chukua serikali inayotumia 100 kila mwezi, mwaka wa kalenda ukiwa ndio mwaka wake wa fedha. Miezi mitatu kabla ya uchaguzi inapandisha hadi 115. Miezi mitatu baada ya uchaguzi inashusha hadi 85 ili kufidia. Kama uchaguzi ni mwisho wa Juni, basi Aprili hadi Juni ziada ni 45, Julai hadi Septemba upungufu ni 45, na mwaka unafungwa kwa 1,200 kamili. Mtafiti mwenye takwimu za mwaka anaandika kwamba serikali hii ni safi. Uhamishe uchaguzi uwe mwisho wa Desemba, tabia ikiwa ileile na fedha zilezile: mwaka wa uchaguzi unasoma 1,245, unaofuata 1,155. Mtafiti yuleyule sasa anaandika kwamba kuna mzunguko mkubwa. Hakuna kilichobadilika isipokuwa tarehe ya kura ndani ya mwaka wa fedha.

Akhmed Akhmedov na Ekaterina Zhuravskaya waliukwepa mtego huu kwa kuchukua takwimu za kila mwezi za mikoa ya Urusi, kuanzia 1995 hadi 2003. Walikuta mizunguko mikubwa lakini mifupi mno: matumizi ya jamii na fedha zinazoenda moja kwa moja kwa wananchi yanapanda kadiri uchaguzi wa gavana unavyokaribia, kisha yanaporomoka mara tu kura zikipita. Kwa takwimu za mwaka sehemu kubwa ya mawimbi hayo isingeonekana. Walikuta pia kwamba mawimbi yalikuwa madogo katika mikoa yenye vyombo vya habari huru zaidi na serikali inayoonyesha hesabu zake, na kwamba magavana waliopandisha matumizi hayo kabla ya kura waliongeza nafasi yao ya kuchaguliwa tena. Ikumbukwe hii ni Urusi ya miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, ambako kupiga kura kwenyewe kulikuwa kitu kigeni.

Jambo hilo la ugeni limejitokeza sana mahali pengine. Min Shi na Jakob Svensson walichukua nchi 85 kati ya 1975 na 1995 wakakuta nakisi ya bajeti, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato, huongezeka, kwa wastani, karibu asilimia 1 ya pato la taifa mwaka wa uchaguzi, na zaidi katika nchi zinazoendelea. Adi Brender na Allan Drazen wakaja na swali la kijanja: je, ni uchaguzi unaoleta nakisi, au ni uchanga wa demokrasia? Walipozitenga nchi zilizokuwa katika chaguzi zao chache za kwanza za ushindani, mzunguko katika kundi lililobaki ukatoweka. Yaani ule wastani wa dunia ulikuwa umebebwa na nchi zilizokuwa ndiyo kwanza zinajifunza kupiga kura, zikiwemo zile za Ulaya Mashariki baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Wapiga kura, waandishi wa habari na wapinzani huko walikuwa bado hawajazoea kusoma bajeti, na takwimu zenyewe zilikuwa zikitoka kwa kuchelewa.

Lakini kutoweka kwenye nakisi si kutoweka kabisa. Drazen na Marcela Eslava walipochunguza manispaa za Kolombia walikuta jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote katika somo hili. Kabla ya uchaguzi, mafungu yanayolenga kundi fulani la wapiga kura yalipanda, huku mafungu mengine yakipunguzwa. Jumla ilitulia, mgawanyo ukahama. Na wapiga kura waliitikia kwa namna mbili kwa wakati mmoja: walimwadhibu meya mwenye nakisi kubwa, ila walimzawadia yule aliyeelekeza fedha kwao. Meya mwenye akili anasoma ujumbe huo vizuri tu. Hakopi. Anachukua fungu la matengenezo ya mitaro ambayo haionekani hadi mvua inyeshe, analipeleka kwenye lami.

Anayepima nakisi peke yake hamwoni meya huyu.

Kuna na ujanja wa tatu, na huu unastahili nchi moja tuitazame kwa karibu. Ghana inafaa kwa sababu huchagua rais kila baada ya miaka minne, tarehe inajulikana, ushindani ni wa kweli na chama tawala hushindwa kikaondoka. Suala la tarehe kujulikana ni muhimu kuliko linavyoonekana. Katika nchi ambazo waziri mkuu anaweza kuitisha uchaguzi atakapo, huitisha mambo yakiwa mazuri, kwa hiyo ukikuta uchumi mzuri karibu na uchaguzi hujui kipi kilimvuta mwenzake. Ghana haina tatizo hilo: ni Desemba, tena mwishoni mwa mwaka wa fedha, mahali ambapo, kama tulivyoona kwenye mfano, wimbi linaonekana hata kwa takwimu za mwaka.

Mwaka 2012 bajeti ya Ghana iliyorekebishwa ililenga nakisi ya karibu asilimia 6.7 ya pato la taifa. Mwaka ulifungwa ikiwa karibu asilimia 12. Sehemu kubwa ya pengo ilikuwa mishahara ya watumishi wa umma, kwani serikali ilikuwa ikitekeleza muundo mpya wa mishahara uliokuwa umeanza 2010, na pia ruzuku za nishati. John Mahama, aliyeshika urais Julai baada ya kifo cha John Atta Mills, alishinda kwa asilimia 50.7 ya kura. Mtu anaweza kusema: tazama, walitumia wakashinda. Anaweza pia kusema, na kwa haki, kwamba muundo wa mishahara ulipangwa miaka kabla ya hapo, na kwamba ungegharimu fedha hata kama kusingekuwa na uchaguzi. Swali la kuuliza ni lilelile la hundi za 1972: kwa nini malipo yalikaa mwaka ule? Bili yake ilikuja baadaye. Sarafu ya sedi iliporomoka, riba zikapanda, na Aprili 2015 nchi ikaingia kwenye programu ya miaka mitatu ya Shirika la Fedha la Kimataifa yenye thamani ya karibu dola milioni 918.

Uchaguzi uliofuata, Desemba 2016, ulifanyika ndani ya programu hiyo, wakaguzi wa Shirika wakiwa wanaingia na kutoka. Kama kuna mwaka ambao nakisi ilitakiwa itulie ni huo. Lengo lilikuwa asilimia 5 na kitu. Matokeo yakawa karibu asilimia 9. Mahama alishindwa na Nana Akufo-Addo, na serikali mpya ilipowasilisha bajeti yake ya kwanza Machi 2017 ikasema imekuta malimbikizo ya madeni ya karibu sedi bilioni 7, mengi yakiwa hayakupita kwenye mfumo rasmi wa kuidhinisha matumizi. Ni kweli serikali mpya hupenda kuikuta nyumba ikiwa imeharibika kuliko ilivyo, kwa hiyo tarakimu kama hiyo isomwe kwa tahadhari. Lakini namna ilivyotokea inaeleweka hatua kwa hatua, na ndiyo inayonivutia.

Hazina nyingi huandika matumizi pale fedha inapotoka benki. Wizara ikimwita mkandarasi Agosti, ikampa kazi kwa barua bila kuiingiza kwenye mfumo wa kudhibiti ahadi za malipo, mkandarasi anaanza kumwaga kokoto. Wapiga kura wanaona barabara Oktoba. Hati ya madai inafika wizarani Novemba na kukaa kwenye faili. Kwenye vitabu vya Desemba hakuna kitu, kwa sababu hakuna fedha iliyotoka. Nakisi ya mwaka wa uchaguzi inasomeka ndogo, ya mwaka unaofuata inasomeka kubwa, na anayelaumiwa kwa ile ya pili huenda ni mtu mwingine kabisa. Mkandarasi naye anaibeba serikali kwa mkopo wa benki, na mikopo hiyo ikianza kukwama, benki ndizo zinazougua.

Ukitaka kujua kama kuna kitu kimefichwa, usiangalie nakisi pekee. Chukua nakisi na uilinganishe na kiasi ambacho serikali ilikopa na kile ilichochota kwenye akaunti zake mwaka huo. Vikipishana sana, kuna fedha imepita mlango ambao haujaandikwa. Kisha tazama umri wa madai ya wakandarasi na wauzaji: yakianza kuzidi siku 90 kwa wingi kuelekea uchaguzi, wimbi lipo, hata kama waziri anaonyesha jedwali safi. Tazama pia mikopo chechefu, yaani ile isiyorejeshwa kwa wakati, ya sekta ya ujenzi kwenye ripoti za benki kuu, maana huko ndiko kuficha kunakoshindikana mapema.

Je, mbinu hizi zinashindisha? Mwaka 2008 Brender na Drazen walichapisha matokeo ya nchi 74, kuanzia 1960 hadi 2003, wakauliza swali hilo hasa. Hawakupata mahali popote ambapo nakisi kubwa ya mwaka wa uchaguzi ilimsaidia kiongozi kurudi. Katika nchi tajiri na katika demokrasia kongwe ilimpunguzia nafasi. Mahama wa 2016 anaingia kwenye picha hiyo vizuri, Mahama wa 2012 haingii, na ndiyo maana nchi moja haithibitishi kitu.

Hata hivyo naona matokeo hayo husomwa kwa pupa. Kiongozi anayejua atashinda hana haja ya kumwaga fedha. Anayemwaga ni yule ambaye kura za maoni zinamtisha. Kwa hiyo ukiwakuta walioshindwa wakiwa na nakisi kubwa, huenda nakisi haikuwaangusha, walikuwa wanaanguka tayari na walikuwa wakishika kila walichoweza kushika. Watafiti wanajaribu kuirekebisha hali hiyo kwa kuzingatia ukuaji wa uchumi na mambo mengine, ila hofu ya mgombea haina safu kwenye jedwali. Na ukiongeza Urusi na Kolombia, ambako fedha iliyolengwa ilileta kura, picha inakuwa kwamba mpiga kura huchukia shimo analoliona na hupenda barabara inayopita kwake. Hakuna mgongano hapo.

Lipo na tatizo upande wa watafiti wenyewe. Utafiti unaokuta wimbi kubwa huchapishwa kwa urahisi, usiokuta kitu hulala kabatini. Waliokusanya makadirio ya tafiti nyingi na kuyapima kwa pamoja wamekuta kwamba viongozi huchezea bajeti kweli, ila ukubwa wa athari umekuzwa na namna matokeo yanavyochaguliwa kuchapishwa. Ile asilimia 1 ya pato la taifa mimi naichukulia kama dari, hasa nje ya demokrasia changa.

Wengi hupendekeza sheria ya kuweka ukomo. Ghana iliweka mwaka 2018: nakisi isizidi asilimia 5 ya pato la taifa. Uchaguzi wa kwanza chini ya sheria hiyo ulikuwa Desemba 2020. Katikati ya mwaka huo janga la korona lilikuwa limeshapiga, ukomo ukasimamishwa, na nakisi ikavuka asilimia 10. Serikali ililipia wananchi maji kwa miezi kadhaa, ikapunguza bili za umeme, na Akufo-Addo akashinda kwa asilimia ndogo ya kura kuliko mara ya kwanza. Ni ipi ilikuwa ya virusi na ipi ya kura? Kwa takwimu za mwaka mmoja haitenganishiki, kwa sababu karibu kila nchi duniani ilikopa mwaka ule, iwe na uchaguzi au isiwe nao. Njia pekee ya haki ni kuichukua Ghana ya 2020 na kuilinganisha na nchi zenye pato na deni vinavyofanana na vyake ambazo hazikuwa na uchaguzi mwaka huo, kisha kuangalia ni misaada ipi iliwekewa tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo ilisogezwa mara ngapi kabla ya Desemba.